Habari Ni Ipi Humu? Kunukuu Picha ya Ukurasa wa Gazeti la Mtandaoni

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2008, hisa za kampuni mama ya shirika la ndege la United la Marekani ziliporomoka katika soko la Nasdaq kutoka dola 12 hivi hadi dola 3 hivi, mpaka biashara ya hisa hizo ikasimamishwa. Hakuna ndege iliyoanguka siku hiyo, wala mdai aliyekwenda mahakamani. Kilichotokea ni kwamba habari ya Desemba 2002 ya gazeti la Chicago Tribune, iliyosimulia jinsi United ilivyoomba mahakama iikinge dhidi ya wadai wake, ilisomwa upya kana kwamba imeandikwa asubuhi ile.

Ilifufukaje? Nakala yake ilikuwa imelala kwenye hifadhi ya tovuti ya Sun Sentinel, gazeti la Florida lenye mmiliki mmoja na Tribune. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa ambazo wasomaji ni wachache mno, kiungo chake kilijitokeza kwenye kisanduku cha habari za biashara zinazosomwa zaidi. Roboti ya Google inayozunguka kukusanya kurasa ikakiona kiungo hicho kipya, ikakifuata, ikakuta habari isiyo na tarehe yake yenyewe. Tarehe iliyoonekana juu ya kichwa cha habari ilikuwa 7 Septemba 2008, ile ambayo tovuti huibandika kila siku. Google ikaipanga miongoni mwa habari mpya. Jumatatu, mtafiti wa kampuni moja ya ushauri wa uwekezaji akaiona na kuandika muhtasari, na muhtasari ukasambaa kupitia mitambo ya Bloomberg. Ukweli ulipojulikana, hisa zilirudi hadi karibu dola 11 kabla soko halijafungwa.

Vitu viwili vilivyoleta balaa hiyo havikuwa sehemu ya habari: kisanduku cha viungo na tarehe ya kichwani mwa tovuti. Yeyote anayekaa na picha ya skrini ya ukurasa wa habari ili ayatoe maandishi yake na kuyaweka kwenye faili hukutana navyo vyote viwili, pamoja na menyu, matangazo na ilani ya vidakuzi. Kila kimoja kinamdai uamuzi.

Watu wanaofanya kazi hii si wachache. Wapo wahakiki wa habari, wanaopokea picha kutoka kwenye makundi ya WhatsApp na kutaka kujua kama gazeti liliandika kweli. Wapo mawakili wanaotayarisha vielelezo vya ukurasa ambao mwenyewe ameshaufuta. Wapo watunza nyaraka, na wanaisimu wanaokusanya maandishi ya Kiswahili kwa mamilioni ya maneno ili wachunguze jinsi lugha inavyotumika. Wapo pia wanaomsomea mtu asiyeona kilichomo kwenye picha aliyotumiwa, kwa kuwa programu yake ya kusoma skrini ikikutana na picha tupu huenda isiwe na cha kutamka.

Ukurasa ukiwa bado uko hai mtandaoni, kuchambua ni rahisi zaidi. Nyuma ya kila ukurasa kuna msimbo, na tovuti iliyojengwa vizuri huzungushia habari alama ya `<article>`, menyu alama ya `<nav>`, na vya pembeni alama ya `<aside>`. Vivinjari kama Safari na Firefox vina kitufe cha hali ya kusoma: ukikibofya, takataka zote zinapotea na habari inabaki peke yake. Picha ya skrini imepoteza msimbo huo wote. Imebaki rangi tu, na kinachotenganisha aya ya habari na tangazo la mkopo ni jicho la msomaji na akili yake.

Jicho nalo lina dalili za kushika, na wataalamu wameshazichunguza. Mwaka 2007 yalifanyika mashindano yaliyoitwa CleanEval, ya kutafuta programu inayosafisha vizuri zaidi kurasa za mtandao za Kiingereza na Kichina ili zifae kwa uchunguzi wa lugha. Miaka michache baadaye, katika utafiti wake wa uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Masaryk cha Jamhuri ya Cheki, Jan Pomikálek alitengeneza programu ya jusText. Inapima mambo mepesi: fungu la maandishi lina urefu gani, sehemu gani yake ni viungo, na lina maneno mangapi yale madogo ya kuunganisha. Kwa Kiswahili maneno hayo ni *na*, *ya*, *wa*, *kwa*, *katika* na wenzao. Habari imejaa *na* na *ya*. Menyu haina hata moja. "Nyumbani Habari Biashara Michezo Burudani Ingia" si sentensi, na hata mtu asiyejua maana ya neno lolote humo angeweza kuhisi hivyo kwa kukosekana kwa viunganishi.

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Ukurasa huu ni wa kubuni, lakini umejengwa kwa vipande ambavyo msomaji yeyote wa magazeti ya mtandaoni amekutana navyo. Picha imepigwa kwenye kompyuta. Juu kabisa pana jina la gazeti, na kando yake "Jumatano, 12 Machi 2025". Chini yake menyu, na ndani ya menyu neno *Biashara* limepigiwa mstari mwekundu. Kisha kichwa cha habari: "Bei ya vitunguu yapanda Dar es Salaam". Chini ya kichwa, kwa herufi ndogo za kijivu: "Imechapishwa Jumatatu, 10 Machi 2025". Zinafuata aya 5. Kati ya aya ya 2 na ya 3 pana mstari mzito: "SOMA PIA: Wakulima Karatu walilia barabara". Baada ya aya ya 3 pana kisanduku cha rangi ya chungwa: "Mkopo wa haraka, bila dhamana. Omba sasa". Upande wa kulia pana safu ya "Zinazosomwa zaidi" yenye vichwa vitano. Chini, ilani ya vidakuzi imekalia mwisho wa aya ya 5.

Jambo la kwanza ni kuuliza maandishi haya yanakwenda kwa nani. Kwa mwanaisimu, menyu ni uchafu wenye madhara. Ikiwa neno *Burudani* liko kwenye menyu ya tovuti, na yeye amekusanya kurasa 10,000 za tovuti hiyo, basi kabla hajafika kwenye habari hata moja tayari anayo *Burudani* 10,000 ambazo hakuna mwandishi aliyeziandika. Hesabu yake ya maneno yanayopendwa na waandishi inaharibika hapo hapo. Huyu atatoa habari tupu na kuacha mengine. Kwa wakili mambo ni kinyume: ukurasa ni kielelezo, na kielelezo hakipunguzwi. Anayemsomea asiyeona yuko katikati. Atataja kwa neno moja kwamba pana menyu na tangazo, kisha ataingia kwenye habari, maana hakuna anayetaka kusomewa "Nyumbani, Habari, Biashara" kila anapoletewa picha.

Mteja asiposema anataka nini, njia salama ni kuweka kila kitu huku kila kitu kikiwa na lebo. Maandishi yenye lebo yanaweza kusafishwa baadaye kwa dakika chache. Kilichotupwa kimya kimya hakirudi, hasa kama picha yenyewe imepotea.

Baada ya hapo ndipo mashine inaingia, kwa wanaopenda msaada wake. Programu ya bure inayotumika sana kusoma maandishi kwenye picha ni Tesseract, iliyoanzia maabara za Hewlett-Packard katika miaka ya 1980 na kuwekwa huria mwaka 2005. Inakijua Kiswahili. Kosa la wengi ni kuipa ukurasa mzima kwa mkupuo. Ukurasa una safu mbili, na programu ikikosea mpaka wa safu itasoma mstari wa kushoto na kuunganisha na wa kulia, kisha itashuka. Matokeo yake ni sentensi kama "Wafanyabiashara wa soko hilo wamesema mvua Zinazosomwa zaidi zilizonyesha mfululizo 1. Kocha ataja kikosi zimeharibu mazao". Huo ndio ugonjwa wa kawaida wa unukuzi wa kurasa za habari, na dalili yake ni hiyo: sentensi inayokatwa na maneno ya michezo au siasa kila baada ya mstari mmoja, kwa mwendo usiobadilika.

Dawa ni kukata picha kwanza, ukatoa safu ya habari peke yake, kisha ukaiambia programu kwamba mbele yake pana safu moja tu:

```
tesseract safu.png habari -l swa+eng --psm 4
```

Kipande cha `swa+eng` kinaiambia itarajie Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa matangazo na majina ya kampuni mara nyingi huja kwa Kiingereza hata kwenye gazeti la Kiswahili. Namba 4 inamaanisha safu moja yenye maandishi ya ukubwa tofauti, kama vile kichwa kikubwa na aya ndogo. Safu ya kulia, kama inahitajika, inasomwa peke yake na kuwekwa mwishoni.

Sasa menyu. Katika mfano wetu haifai kunukuliwa neno kwa neno, ila ule mstari mwekundu chini ya *Biashara* si pambo. Unaonyesha kwamba wahariri waliiweka habari hii kwenye kurasa za biashara, wala si za siasa wala maoni. Tofauti kati ya habari na maoni ni kubwa kiasi kwamba mnukuzi anayetupa menyu nzima bila kuangalia ni lebo ipi imewaka anaweza kumfanya msomaji achukue tahariri kama taarifa. Kwa hiyo menyu inaondoka, sehemu inabaki.

Tarehe nazo ni mbili. Ya juu, 12 Machi, ni ya siku picha ilipopigwa. Ya chini ya kichwa, 10 Machi, ni ya habari. Zote zinaandikwa, kila moja na kazi yake. Aliyebeba ya juu tu akaiita tarehe ya habari amerudia alichofanya Google mwaka 2008, na bila hata kisingizio cha kuwa roboti. Kwenye picha ambayo tarehe ya habari haionekani, inaandikwa kwamba haionekani. Safu ya "Zinazosomwa zaidi" inaweza kusaidia hapo: ikitaja mechi ya jana yake, inafichua picha ilipigwa lini. Haisemi lolote kuhusu umri wa habari iliyo katikati ya ukurasa.

"SOMA PIA" ndiyo inayowatega hata wazoefu, kwa sababu imekaa ndani ya habari, kwenye safu ile ile, wakati mwingine kwa herufi zile zile. Ukiiacha bila alama, msomaji wa maandishi atasoma aya kuhusu bei ya vitunguu, kisha ghafla "Wakulima Karatu walilia barabara", na atadhani mwandishi amedai kwamba barabara mbovu ndiyo sababu ya bei kupanda. Hakudai hivyo. Kuna namna rahisi ya kupima: ruka mstari huo, uunganishe aya ya juu na ya chini. Mtiririko ukikaa sawa, mstari ule ni mgeni. Kiungo kilicho ndani ya sentensi, yaani neno la buluu lililopigiwa mstari, ni jambo jingine kabisa. Hilo ni neno la mwandishi na linabaki mahali pake. Kinachokwenda mahali ambapo kiungo kinaelekea hakionekani kwenye picha, na anwani isiyoonekana haibuniwi.

Maelezo ya picha nayo yanahitaji mkono wa uangalifu. Kurasa za BBC Swahili, kwa mfano, huweka chini ya picha "Chanzo cha picha" na "Maelezo ya picha". Maneno hayo ni sehemu ya habari, kwa kuwa yanasema nani anaonekana na picha imetoka wapi, lakini si aya. Yakichanganywa na aya, sentensi mbili zinagongana.

Tangazo la mkopo ni rahisi likiwa na rangi yake na neno "Tangazo" pembeni. Linaandikwa mara moja, kwa lebo, au linaachwa. Inafaa kukumbuka kwamba tangazo la namna hii mara nyingi huchaguliwa na mitambo ya mnada wakati ule ule ukurasa unapofunguka, kwa hiyo msomaji mwingine wa habari hiyo hiyo huenda aliona tangazo la sabuni. Halithibitishi kwamba gazeti linamuunga mkono mkopeshaji yule. Ugumu unaanza na matangazo yaliyovaa nguo za habari: visanduku vyenye picha na vichwa vya kuvutia mwishoni mwa ukurasa, vinavyoletwa na kampuni kama Taboola, au makala nzima iliyolipiwa na kuwekewa kichwa, picha na jina la mwandishi. Mara nyingi kinachotofautisha ni neno moja dogo la kijivu: "Imedhaminiwa", "Maudhui ya kulipiwa", au jina la kampuni iliyoleta kisanduku. Hilo neno dogo ndilo la thamani kuliko yote yaliyomo kwenye kisanduku. Picha ivutwe ikuzwe mpaka lisomeke, na liandikwe. Mnukuzi aliyeandika "Daktari afichua siri ya kupunguza tambi" bila ile lebo amegeuza biashara kuwa habari.

Imebaki ilani ya vidakuzi. Ilani hizi zimezaliwa na sheria za Ulaya: agizo la faragha la mwaka 2002 lililorekebishwa mwaka 2009, kisha kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Tovuti nyingi huionyesha kulingana na mahali msomaji alipo, na akishabofya kukubali au kukataa haimrudii kwa muda. Ndiyo maana Mswahili aliyeko London anaweza kutuma picha yenye ilani, na ndugu yake wa Tanga akafungua ukurasa ule ule asiione. Kwa mnukuzi wa kawaida, maneno "Tunatumia vidakuzi kuboresha huduma" hayana habari ndani yake. Lebo moja inatosha.

Yapo mazingira ambamo ilani ndiyo habari. Mwanzoni mwa Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulihitaji mbofyo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa. Anayenukuu picha kwa ajili ya mzozo wa namna hiyo anaandika kila kitufe na maneno yake, kipi ni kikubwa, kipi kimefifia, na kama kuna cha kukataa kabisa. Vitunguu ndivyo vinavyoachwa.

Tabu kubwa zaidi ya ilani ni kile inachokifunika. Kwenye picha yetu, mstari wa mwisho unaoonekana unasema: "Hata hivyo, bei hiyo inatarajiwa kush". Hapo skrini imekalia. Kila mtu anahisi kwamba neno ni *kushuka*. Lakini linaweza kuwa *kushikilia hapo hapo*, au *kushinda ya mwaka jana*, na maana inageuka kichwa chini. Mnukuzi anaandika herufi anazoziona, anafunga kwa alama, basi. Hata mashine huteleza hapa, maana programu inayosoma picha inaweza kusoma nusu ya juu ya herufi zilizokatwa na kuzitolea neno linalofanana. Kila neno linalogusa ukingo wa ilani likaguliwe kwa macho kwenye picha.

Yote yakikamilika, faili inaonekana hivi, aya za katikati zikiwa zimefupishwa:

```
[TAREHE YA TOVUTI: Jumatano, 12 Machi 2025]
[SEHEMU: Biashara]
Bei ya vitunguu yapanda Dar es Salaam
Imechapishwa Jumatatu, 10 Machi 2025
(aya 1 na 2)
[KIUNGO: SOMA PIA: Wakulima Karatu walilia barabara]
(aya 3)
[TANGAZO: Mkopo wa haraka, bila dhamana. Omba sasa]
(aya 4)
Hata hivyo, bei hiyo inatarajiwa kush[IMEFUNIKWA NA ILANI YA VIDAKUZI]
[PEMBENI: Zinazosomwa zaidi, vichwa 5]
```

Mabano ya mraba yanasaidia kwa sababu ni nadra kwenye habari za magazeti, hivyo mwanaisimu anaweza kuyafuta yote kwa amri moja na kubaki na maandishi safi, huku mhakiki akiyaacha. Linalotakiwa ni kutumia lebo zile zile kutoka faili ya kwanza hadi ya mwisho. Faili 200 zenye *TANGAZO* katika nusu yake na *MATANGAZO* katika nusu nyingine zitamlazimu mtu azipitie upya moja moja.

Kuna hatua ya mwisho ambayo wengi wanairuka: kusoma maandishi bila kuangalia picha, kwa sauti ikiwezekana. Mahali ambapo sentensi inajikwaa, rudi kwenye picha. Mara nyingi utakuta kichwa cha safu ya kulia kimepenya, au maelezo ya picha yamejichomeka katikati ya aya.

Na kwa anayepiga picha ya skrini ili amtumie mwenzake: funga kwanza ilani ya vidakuzi, vuta ukurasa mpaka tarehe ya habari ionekane, acha anwani ya tovuti juu ya kivinjari, na kama habari ni ndefu piga picha kadhaa zinazopandana kwa mistari miwili mitatu.